Nyumba Iliyosimama Kwenye Linta: Ujumbe Unaompata Mkandarasi na Kurudi na Jibu



Anayetoka Mbagala Rangi Tatu kuelekea Chamazi, au anayeipita Tegeta akaenda Bunju na Mabwepande, hukutana na maboma mengi yasiyo na bati. Baadhi yamesimama kwa sababu mwenyewe ameishiwa na anajikusanya. Hayo hayahitaji mkutano. Yanahitaji fedha na subira. Mazungumzo haya yanahusu boma la aina nyingine: lile ambalo mwenyewe amelipa, mkandarasi amepokea, kazi ilianza vizuri, kisha siku moja mafundi wakaondoka na wasirudi, na simu ikawa inaita bila kupokewa au inapokewa kwa neno moja tu, «kesho».

Mwenye nyumba aliyefikwa na hali hiyo kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hunyamaza akingoja, kwa kuogopa kwamba akimuudhi mkandarasi kazi itakufa kabisa. Ama hupiga simu akiwa na hasira, wakagombana, na mwisho wa ugomvi hakuna tarehe wala hakuna tofali lililoongezeka. Kuna njia ya tatu iliyo ndogo kuliko zote mbili, nayo ni ujumbe mfupi ulioandikwa, unaomwomba mkandarasi vitu viwili: tarehe ya kweli ya kumaliza, na picha ya kazi ilipofikia. Ujumbe huo una namna yake ya kuandikwa, na jibu lake lina namna yake ya kupimwa.

Kwa nini swali la «lini» halina jibu

Mkandarasi akiulizwa «Unamaliza lini?» hujibu «Wiki ijayo.» Si lazima awe mwongo. Swali lenyewe halikumpa kitu cha kuhesabu, naye akajibu kile ambacho muulizaji anatamani kusikia. Zaidi ya hayo, wakandarasi wengi wadogo wa pembezoni mwa jiji huendesha kazi mbili au tatu kwa pamoja. Kianzio cha nyumba mpya hutumika kulipa vibarua wa nyumba ya zamani, na mafundi huhamishiwa pale ambapo mwenyewe yupo karibu au anapiga kelele zaidi. Nyumba ya mtu mpole ndiyo inayosubiri.

Tena kusimama kwa kazi kuna sababu zaidi ya moja, na si kila sababu iko kwa mkandarasi. Hata miradi mikubwa imesimama kwa upande wa mwenye mradi. Majengo ya Morocco Square ya Shirika la Nyumba la Taifa, hapo Kinondoni, yalikaa miaka kadhaa bila kuendelezwa kwa kukosa fedha, kisha kazi ikarejewa. Kama shirika la umma lenye wahandisi na wanasheria linaweza kufikwa na jambo hilo, mtu mmoja mwenye kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini anaweza kufikwa nalo pia, tena bila kujua. Kwa hiyo ujumbe mzuri hauanzi kwa kushtaki. Unaanza kwa kuuliza kinachozuia kazi, na unamwachia mkandarasi nafasi ya kutaja hata kile kilicho mikononi mwa mwenye nyumba.

Mfano wa nyumba ya Chamazi

Ichukuliwe nyumba moja ya mfano. Mama mmoja mwenye familia amepanga Charambe na anajenga Chamazi nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Msingi na kuta hadi usawa wa linta vilikwisha mwaka uliopita. Mwishoni mwa Desemba alipatana na mkandarasi kazi iliyobaki hadi kuezeka, yaani kumwaga linta, kujenga kozi tatu juu yake, kupandisha kenchi na kupiga bati. Ufundi ulikuwa shilingi 3,600,000, na vifaa ni juu ya mwenye nyumba. Malipo yaligawanywa mara tatu, 1,200,000 kila mara: wakati wa kuanza, kozi zikikamilika, na bati likimalizika.

Linta zilimwagwa Jumatano tarehe 8 Januari. Wiki iliyofuata kozi ya kwanza juu ya linta ikajengwa. Mkandarasi akaomba shilingi 600,000 za dharura, akapewa ingawa hatua ya pili haikuwa imefika. Tarehe 15 Januari mafundi wakaondoka. Siku kumi na mbili baadaye hakuna aliyerudi.

Ndugu wakazi, hesabu ya mama huyu haiko kwenye tofali peke yake. Kodi aliyolipa Charambe inakwisha tarehe 28 Februari, na mwenye nyumba yake anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja. Mvua za masika huanza Machi. Akiamini kwamba atahamia mwisho wa Februari, hatatafuta fedha za kodi. Na akikosea, atajikuta nje na watoto wakati wa mvua. Akidhani hatahamia kabisa, atalipa miezi sita ambayo huenda haihitaji, na fedha hizo ndizo zilizokuwa za milango. Tarehe ya kweli kwake ni uamuzi wa fedha za nyumbani, na tarehe ya uongo ya kumfurahisha inaweza kumgharimu kuliko kuchelewa kwenyewe.

Ujumbe wenyewe

Jumatatu tarehe 27 Januari mama huyo anaandika maneno haya kwa WhatsApp:

«Habari za asubuhi, Fundi. Pole na majukumu. Nakuandikia kuhusu nyumba ya Chamazi. Linta zilimwagwa tarehe 8 Januari. Mafundi waliondoka tarehe 15, kozi moja ikiwa imejengwa juu ya linta, na hadi leo tarehe 27 kazi haijaendelea. Nimekwisha kulipa shilingi 1,800,000 kati ya 3,600,000.

Naomba mambo matatu. Kwanza, nieleze kinachozuia kazi. Kama kuna kinachonihusu mimi, kiwe vifaa au jambo lingine, kitaje ili nikitimize. Pili, nipe tarehe ya mafundi kurudi na tarehe ya kumaliza bati, na unionyeshe ni siku ngapi kwa kozi, ngapi kwa kenchi na ngapi kwa bati. Nipe tarehe unayoweza kuitimiza hata kama iko mbali, kwa sababu nataka kupanga mambo ya kodi. Tatu, nitumie picha za leo au kesho: moja ya nyumba nzima ukisimama kwenye kona ya mwembe, moja ya ukuta juu ya linta kwa karibu, na moja ya vifaa vilivyobaki. Andika tarehe kwa chaki kwenye tofali ili ionekane katika picha.

Naomba jibu kabla ya Jumatano tarehe 29 saa kumi na mbili jioni. Ahsante, Fundi.»

Ujumbe huu una adabu, na adabu yake haikuupunguzia uzito. Unataja tarehe tatu na kiasi cha fedha, mambo ambayo mkandarasi akijibu bila kuyapinga anaonekana ameyakubali. Hautaji wizi wala polisi, kwa hiyo haumpi sababu ya kukasirika na kunyamaza. Na unaweka siku na saa ya kujibu, ili ukimya nao uwe na maana.

Kuandika kuna faida nyingine. Mapatano mengi ya ujenzi mitaani hufanyika kwa mdomo, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyatupi kwa sababu hiyo tu. Pale ambapo muda wa kumaliza haukutajwa, sheria hiyo inataka kazi ifanyike ndani ya muda unaostahili kwa hali ya jambo lenyewe. Ugumu ni kuthibitisha kilichosemwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, ujumbe wa simu ukiwemo. Kwa hiyo ujumbe usifutwe, na simu ikibadilishwa mazungumzo hayo yahifadhiwe. Yakiafikiwa mambo kwa simu ya mdomo, mwenye nyumba aandike mara baada ya kukata: «Fundi, kama tulivyoongea sasa hivi, umesema mafundi wanarudi Jumatatu.» Sentensi hiyo moja inageuza maneno ya hewani kuwa maandishi.

Jibu la kwanza na picha ya kwanza

Katika mfano huu mkandarasi anajibu jioni ile ile: «Usijali mama, wiki hii tunaanza.» Anaambatanisha picha moja.

Hapa ndipo wengi hushukuru na kukaa kimya. Mama wa Chamazi anaitazama picha. Inaonyesha nyumba kutoka upande wa barabara, linta zikiwa bado ndani ya mbao, na juu ya linta hakuna kozi yoyote. Lakini kozi ya kwanza ilikuwa imekwisha kujengwa kabla ya tarehe 15. Picha hiyo basi si ya juzi wala jana. Ilipigwa siku chache baada ya zege kumwagwa. Hakuhitaji utaalamu wowote kulijua hilo. Alihesabu kozi.

Njia nzuri ya kutambua picha ya zamani ni hiyo: kutafuta katika picha kitu ambacho hakiwezi kurudi nyuma. Kozi huongezeka na hazipungui. Mbao na mirunda ya linta vikishatolewa havirudishwi. Lundo la mchanga hupungua. Majani hukua. Kwa sababu hiyo ni vizuri picha za hatua mbalimbali zipigwe kutoka mahali pamoja, kama kona ile ya mwembe, ili ya leo iwekwe kando ya ile ya wiki iliyopita na tofauti ionekane kwa macho.

Wapo wanaotegemea tarehe inayowekwa na simu ndani ya picha. Tarehe hiyo ni msaada dhaifu. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ukubwa na taarifa za wakati ilipopigwa huondolewa. Mpokeaji huona tu saa iliyotumwa. Taarifa hizo hubaki ikiwa picha imetumwa kama faili, kwa kitufe kilichoandikwa «Document», lakini hata hapo saa ya simu inaweza kuwa imewekwa vibaya. Chaki kwenye tofali ni rahisi zaidi, nayo inamlazimu mtu afike saiti.

Mama anajibu bila kumwaibisha mkandarasi: «Ahsante, Fundi. Picha hii inaonekana ni ya kabla ya kozi ya kwanza. Naomba zile tatu zenye chaki. Na wiki hii ni siku gani, mafundi wangapi, na kozi zitaisha lini?»

Picha tatu zilizosema zaidi ya mkandarasi

Siku ya Jumanne picha tatu zinafika. Ya kwanza inathibitisha kwamba kozi moja tu ndiyo iliyojengwa. Ya pili inaonyesha linta kwa karibu: mbao za pembeni zimetolewa, mirunda ya chini ya madirisha bado ipo. Hilo si kosa. Mbao za pembeni za linta zinaweza kuondolewa mapema, lakini mirunda inayobeba zege juu ya uwazi wa mlango au dirisha kwa kawaida huachwa siku 14 hivi. Tangu tarehe 8 hadi 28 zimepita siku 20, kwa hiyo inaweza kutolewa sasa na mbao zake zikatumika kwenye jukwaa la kujengea. Picha hiyo pia haionyeshi ufa wala matundu yenye kokoto tupu, dalili za zege lisiloshindiliwa vizuri.

Picha ya tatu, ya vifaa, ndiyo iliyoeleza kisa chote. Tofali zilizobaki ni chache sana, zinahesabika: 110. Na mifuko 14 ya saruji imelazwa moja kwa moja juu ya udongo ndani ya chumba kisicho na paa, imefunikwa turubai juu tu.

Kuhusu saruji, mama hakungoja mkandarasi. Saruji hunyonya unyevu kutoka ardhini hata isiponyeshewa, ikaanza kuganda ndani ya mfuko. Mifuko huinuliwa juu ya mbao, ikawekwa mbali na ukuta na kufunikwa pande zote. Alimtuma kijana wake Jumatano, akaihamishia kwa jirani mwenye stoo. Kila mfuko ulibonyezwa na miwili iliyokuwa migumu pembeni ikafunguliwa. Bonge linalosagika kwa vidole halina tatizo kubwa. Bonge lisilosagika limekwisha kuganda, na saruji yake haifai kwa zege wala kwa kujengea. Mfuko mmoja ulitupwa. Bila picha ile, huenda mifuko 14 yote ingekutwa mawe mwezi Machi.

Kuhusu tofali, sababu ya kusimama ikaanza kuonekana. Mkandarasi, akiulizwa sasa kwa kitu kinachohesabika, alijibu kwa hesabu: tofali hazitoshi, naye alikuwa amewahamishia mafundi Mbande wasikae bure. Hapo kila upande ulikuwa na sehemu yake. Vifaa vilikuwa juu ya mwenye nyumba. Lakini taarifa ya kupungukiwa ilikuwa juu ya mkandarasi, naye hakuitoa. Aliondoka kimya, tena akiwa amepokea fedha za ziada.

Kuijenga tarehe kutoka chini

Tarehe ya kweli hujengwa kama ukuta, kozi juu ya kozi. Mama na mkandarasi wakaifanya hesabu pamoja kwa simu, na mama akaiandika.

Kuta zote za nyumba hiyo, za nje na za ndani, zina urefu wa mita 70 hivi. Tofali moja pamoja na kiungo chake cha udongo wa saruji huchukua karibu sentimita 47. Kozi moja basi inahitaji tofali 150, na kozi mbili zilizobaki zinahitaji 300. Zilizopo ni 110. Zinapungua 190, bila kuhesabu zitakazovunjika. Tofali hizo zinunuliwe zilizokwisha komaa kiwandani, si zilizofyatuliwa jana, kwa kuwa tofali linahitaji kumwagiliwa na kukaa angalau wiki moja kabla ya kubeba mzigo. Mama akaahidi kuzifikisha 200 saiti Jumamosi tarehe 1 Februari.

Fundi mmoja na msaidizi wake, wakijengea juu ya jukwaa, wanaweza kulaza tofali 100 kwa siku bila kuharakisha. Mafundi wawili hulaza 200. Tofali 300 ni siku moja na nusu, pamoja na kufunga jukwaa na kulihamisha, ziandikwe siku tatu: Jumatatu tarehe 3 hadi Jumatano tarehe 5 Februari.

Kenchi haziwekwi juu ya ukuta uliomalizika jioni ya jana. Lakini seremala anaweza kuzikata na kuzipigilia chini wakati ukuta unakauka. Kazi yote ya mbao, kukata kenchi, kuzipandisha na kupiga papi, ikapewa siku sita za kazi, kuanzia Alhamisi tarehe 6 hadi Jumatano tarehe 12, Jumapili ikiwa ni mapumziko. Kupandisha kungeanza Jumamosi tarehe 8. Bati likapewa siku tatu, tarehe 13 hadi 15.

Hiyo ni tarehe ya kila kitu kwenda sawa, na ujenzi hauendi hivyo. Ikaongezwa nafasi ya siku nne za kazi kwa mvua, msiba, au gari la mbao kuchelewa. Tarehe iliyoandikwa ikawa Alhamisi tarehe 20 Februari.

Tarehe inayoweza kuaminiwa ina alama zake. Ina hatua ndani yake, na kila hatua ina idadi ya watu na siku. Inataja kinachotakiwa kutoka kwa mwenye nyumba na lini. Ina nafasi ya kuchelewa. Tarehe isiyo na hayo ni salamu tu. Vilevile tarehe iliyo fupi mno inatia shaka: mkandarasi aliyekaa siku kumi na mbili bila kugusa kazi, kisha akaahidi bati ndani ya siku tano, atarukia hatua mojawapo, na mara nyingi ni ile ya kungoja ukuta ukauke.

Mama akaituma hesabu yote kwa ujumbe mmoja, akamalizia: «Kama umekubali, niandikie ‹nimekubali›. Shilingi 600,000 zilizobaki za hatua ya pili nitazilipa kozi zikikamilika na picha ikinifikia. Hatua ya tatu ni bati likiisha.» Mkandarasi akaandika neno lile moja. Kwa hilo malipo yakarudi kufuata kazi, baada ya kuwa yameitangulia.

Na kodi ya Charambe? Hesabu ikampa mama jibu ambalo hakulipenda. Bati likimalizika tarehe 20 Februari, bado kuna milango, madirisha, jamvi na choo. Hayo hayamaliziki kwa siku nane. Akaenda kwa mwenye nyumba wake mapema, mwezi mmoja kabla ya kodi kuisha, akamwonyesha picha na hesabu, akaomba alipe miezi mitatu badala ya sita. Ombi kama hilo husikilizwa zaidi likija mwezi mmoja kabla kuliko likija siku ya mwisho.

Mipaka ya picha

Picha haionyeshi kila kitu. Zege likishamwagwa, hakuna picha inayoweza kuonyesha ni nondo ngapi zimo ndani yake, wala kama saruji ilipunjwa. Picha ya nondo na ringi zake lazima ipigwe kabla ya kumwaga, futi ikiwa imewekwa kando ili umbali kati ya ringi usomeke. Vilevile picha haionyeshi kama zege lilimwagiliwa maji siku saba za mwanzo. Hilo linajulikana kwa kuwepo mtu. Ndiyo maana mwenye nyumba anayeishi mbali hana budi kuwa na jirani au ndugu anayepita pale, na mara moja kwa wiki aende mwenyewe.

Ukimya ukiendelea

Huenda jibu lisije. Saa iliyotajwa ikipita, mwenye nyumba aandike mara ya pili, kwa ufupi, akirejea ujumbe wa kwanza na kuweka siku nyingine, safari hii akisema kwamba siku hiyo ikipita ataliwasilisha jambo kwenye Serikali ya Mtaa. Asitoe fedha nyingine katika kipindi hicho, hata akiahidiwa kwamba zitaleta mafundi. Asimlete mkandarasi mwingine kabla kazi iliyofanyika haijapimwa mbele ya mashahidi na kupigwa picha, kwa sababu mikono ya pili ikishagusa ukuta hakuna atakayejua wa kwanza aliishia wapi.

Ofisi ya mtaa inaweza kuwaita wote wawili na kuandika makubaliano yao. Wasipopatana, madai ya fedha hupelekwa mahakamani, na kwa kazi nyingi za kiasi hiki mlango wa karibu ni Mahakama ya Mwanzo. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kama aliyepewa kazi ni mkandarasi aliyesajiliwa, malalamiko yanaweza pia kufika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Lakini wengi wanaoitwa wakandarasi mitaani ni mafundi wasiosajiliwa, na Bodi haina usajili wa kuwafutia. Ni vizuri mwenye nyumba alijue hilo kabla ya kutoa kianzio, kwa kuomba cheti na kukihakiki kwenye Bodi yenyewe.

Ndugu wakazi, mwenye boma lililosimama anaweza kuanza leo jioni. Achukue kalamu, aandike tarehe kazi iliposimama, hatua ilipofikia, na fedha alizotoa. Ahesabu kozi zilizopo na tofali zilizobaki. Kisha amwandikie mkandarasi wake kwa salamu njema, aulize kinachozuia, aombe tarehe yenye hatua ndani yake, na aombe picha yenye chaki.